Siku Niliyojicheka Mbele ya Kanisa

Nilirudi kutoka misheni nikiwa na aproni nyeupe, cheti cha mkunga msaidizi na majivuno ya kutosha kilima kizima. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Masera, mtawa aliyenifundisha kuzalisha, alinipa kazi moja: kila Jumapili baada ya sala nizungumze na wanawake wa kijiji chetu, kule milimani, juu ya Kashuga. Niwashawishi kwamba mimba ikifikisha mwezi wa nane, mama ateremke akangojee kwenye maternite, nyumba ya kuzalia ya misheni. Ulikuwa mwendo wa nusu siku, tena kwa utelezi, na uchungu ukimwanzia mtu huku juu, hafiki.

Aliyeninyima raha ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mara mbili wanaume walimbeba kwa tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, na mara mbili mtoto alifia njiani. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, mwezi wa saba, na hakutaka kusikia habari ya misheni. Kwake ile ilikuwa njia ya kuzika.

Jumapili ya kwanza nilisimama mlangoni pa kanisa, nikakohoa kama katekista, nikaanza. Nilipoona nyuso zimenuna nikatafuta kichekesho, na mjinga mimi nikakitafuta kwa wasikilizaji wangu.

"Banamuke ya huku munazalia mu shamba sawa mbuzi," nikasema. "Tena mbuzi iko na akili, inatafutaka kivuli!"

Wanaume walicheka hadi wakashikana mabega. Wanawake hawakucheka hata mmoja. Walibeba vikapu vyao vya maharage wakaondoka, wifi yangu akiwa mbele. Niliachwa na wale wanaume, ambao kwa mambo ya uzazi hawakunifaa kitu.

Nyumbani mama mkwe alinipokea na mwiko mkononi.

"Ulimucheka nani?" akauliza.

"Sikumucheka muntu, Mama. Nilitaka bafurahi."

"Yule mwenye kuzika batoto wawili, ulitaka afurahi na nini? Kama unataka kucheka muntu, ujicheke weye. Wewe uko na mambo mingi ya kuchekesha, mimi ninayajua."

Niliona aibu hadi nikakosa hamu ya ugali. Kweli alikuwa anayajua, yale ya siku mimi mwenyewe nilipojifungua.

Jumapili iliyofuata sikuanza na mzaha. Wiki nzima nilikuwa nimejipangia maneno nikipalilia mihogo, nikaona kwamba nikiwachekesha mapema watasubiri vichekesho tu. Nilianza na uchungu unaochukua siku mbili, na mtoto aliyekaa vibaya, na tipoyi inayochelewa. Sikutaja mtu. Hata hivyo nilimwona wifi yangu akikusanya kanga yake, macho njiani. Nilijua nikiongeza neno moja la kifo, ataondoka.

Hapo nikajitoa mimi mwenyewe nichekwe.

"Mimi hapa, na hii aproni yangu," nikasema, "siku yangu ilipofika, nilikimbia maternite. Niliruka mu dirisha na tumbo yote! Nikajificha mu mahindi. Uchungu ikanikamata pale, nikaanza kuita Masera, ule ule mwenye nilikuwa ninakimbia. Akakuja na matope mpaka mu magoti. Nikamuomba Bikira Maria dakika moja, kisha nikamutukana bwana yangu dakika kumi. Katekista alikuwa anapita. Alisikia yote."

Katekista, aliyekuwa amesimama palepale, akatazama viatu vyake. Wanawake wakapasuka kwa kicheko. Mama mkwe alilia machozi. Wifi yangu alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka, na miguu yake ilikuwa haijasogea.

Niliwaacha wacheke hadi wakatulia wenyewe. Sikuongeza kichekesho cha pili, ingawa ulimi uliniwasha. Na kuhusu mikono yangu ya ukunga sikutania hata kidogo, maana mikono hiyo nilitaka waiamini.

"Niliogopa," nikasema. "Mwenye kuogopa, akuje na woga yake. Mimi nitakuwa pale."

Nikakaa chini.

Mwezi mmoja baadaye wifi yangu aliteremka kwa miguu yake, mkeka kichwani. Akangoja wiki tatu, akilaumu chakula cha masista kila siku. Uchungu ulipomshika, asubuhi, alinishika mkono kwa nguvu.

"Funga dirisha, wifi."

"Unataka kukimbia?"

"Mimi? Hapana. Ni weye mwenye kukimbiaka."

Nikalifunga. Kabla ya jua kufika utosini mtoto wa kike alilia, nami nikalia kumshinda.