Nani Aandike Kwanza

Tulikutana tena Madimba, kwenye harusi ya binti wa mwenzetu tuliyesoma naye sekondari. Nilikuwa nimekaa na akina mama waliokuwa wakimenya vitunguu nyuma ya nyumba. Mwanamke mmoja akavuta kigoda, akakaa kando yangu, akaniangalia akitabasamu. Nilimtambua kwa pengo la meno ya mbele. Bwenini tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini, na likizo zote tulikuwa tukiandikiana barua. Baadaye yeye aliolewa huko kwao karibu na Kilambo, mimi nikapata kazi ya ukarani kwa wakala wa forodha pale bandarini. Barua zikapungua, kisha zikakoma. Hatukuwa tumegombana.

Tulishikana mikono, tukacheka, tukaulizana watoto. Nyuma yetu spika zilikuwa zikipiga muziki. Alizungumza kwa muda mrefu, mdomo karibu na sikio langu, nami nikawa naitikia kwa kichwa. Alipoondoka alinipa kipande cha karatasi chenye jina la duka la kijijini kwao, mahali ambapo mizigo yake hupokelewa. Akanitazama kama anayesubiri neno. Nikaitikia tena.

Kitu ambacho hakujua ni kwamba nilikuwa nimesikia kama robo ya maneno yake. Miaka michache kabla ya hapo niliugua kifua kikuu kile sugu, nikachomwa sindano kwa miezi mingi. Kifua kilipona, masikio yakabaki mabovu. Sauti nzito nazisikia kiasi, ya mwanamume mbele yangu naifuata. Sauti nyembamba, na herufi kama s na f, zinapotea. Ndiyo maana wanawake wenzangu ndio wanaonishinda zaidi, na simu karibu siipokei. Kazini nilijifunza kutazama midomo. Kwa watu wengine nilijifunza kuitikia.

Niliporudi kwangu Rahaleo, mjini, niliweka ile karatasi kwenye kabati la vyombo. Nilikuwa na hakika amesema ataniandikia. Kwa nini anipe anwani yake badala ya kuchukua yangu, sikujiuliza.

Wiki zikapita. Nikaanza barua mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nikaona imejaa habari za wanangu waliosoma, nikaogopa ataiona ya majivuno. Nikaichana. Kwenye harusi nilikuwa nimeambulia neno "marehemu", nikajua mumewe amefariki, lakini sikujua lini wala kwa nini. Nikiandika pole sasa, ataona siku ile sikuwa nikimsikiliza. Nisipoandika, ataona sijali. Nikaichana na ya pili. Halafu nikajiambia kwamba kama angenitaka angekuwa ameshaandika.

Msimu wa korosho ulianza na kuisha. Kazini malori yalipanga foleni mpaka barabarani, nami nilishukuru kuwa na shughuli nyingi.

Aliyenisukuma ni mama mmoja anayeleta mihogo mikavu sokoni kutoka upande wa Kilambo. Nilikuwa nikinunua kwake, nikamwonyesha jina la lile duka. Akasema analijua, ni jirani na kwake. Nikamtazama midomo vizuri.

"Una mzigo?" akauliza.

"Barua."

"Ilete kesho kabla sijapakia. Nikiondoka sirudi mpaka wiki ijayo."

Hapo sikuwa na nafasi ya kuchanachana. Usiku ule niliandika hivi:

"Shoga yangu, mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni kwako. Ninayekuandikia ni yule wa kitanda cha chini. Nimengoja barua yako tangu Madimba, sijaiona, nikadhani labda unaumwa au nimekukosea. Kama ni kosa, niambie. Kama umechoka na barua, niambie vilevile, nitaacha kungoja. Jibu mpe mama wa mihogo."

Niliisoma asubuhi nikaona ni kavu. Nikaitia gundi nikaipeleka.

Wiki iliyofuata mama wa mihogo hakuwa na kitu. Iliyofuata vilevile. Ya tatu akanipa bahasha iliyokunjwa mara mbili, ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Nanakili kama alivyoandika, na r zake zile zile za tangu shuleni, zinazogeuka l:

"Dada, habali. Balua yako ilinikuta na hasila. Nilikwambia Madimba, andika wewe kwanza. Nilikwambia na sababu. Unakumbuka mwalimu alivyosoma balua yangu mbele ya dalasa, wakacheka wote? Tangu siku ile niliandika kwako tu, kwa sababu hukucheka. Sasa wewe mtu wa ofisi, mimi miaka yote nashika jembe, mkono umekuwa mzito. Na nilikwambia naogopa utadhani mjane anatafuta msaada. Ukaitikia. Nikakuuliza, utaanza wewe? Ukaitikia. Halafu unaniuliza kwa nini sijaandika. Kama ulikuwa unanidhihaki, niambie."

Niliisoma nimesimama pale pale sokoni. Mama wa mihogo akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna, nikamwomba anisubiri kidogo, nikaandika juu ya gunia lake:

"Sikukudhihaki. Sikusikia. Masikio yangu yameharibiwa na dawa, nami huona haya kusema, kwa hiyo naitikia tu. Kila nilichoitikia Madimba, niulize upya kwa maandishi. Habari za mumeo niandikie tangu mwanzo, maana sikuzipata. Andika na r zako, sina tatizo nazo."

Jibu lilikuja mara tu mama wa mihogo aliporudi wiki iliyofuata, kurasa nne, mbele na nyuma. Mumewe alikuwa amekwenda ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zao upande wa Msumbiji, akaugua huko homa, na kivuko kilikuwa hakifanyi kazi kwa sababu maji yalikuwa yamepungua na mchanga umejaa. Alizikwa huko huko. Yeye alifika siku za mwisho za matanga. Yote hayo aliniambia kwenye vitunguu, na mimi nikawa natabasamu. "Nikasema moyoni, huyu amebadilika," aliandika.

Baada ya Idi nilikwenda kwake. Alinipokea kwenye kituo, akanishika bega, akazunguka asimame mbele yangu ndipo aseme. Alikuwa amewaonya na wakwe zake wasinisemeshe kwa nyuma. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa mtoni. Alinionyesha shamba la mpunga, na mikorosho aliyoachiwa.

Baada ya chakula tukakaa barazani, na ikawa hatuna la kusema. Kila nilichofikiri kusema nilikuwa nimeshakiandika. Naye alikuwa akisema neno, anarudia polepole, uso wake unachoka, na wangu pia. Jua lilipopungua akacheka.

"Nenda kwako ukaniandikie," akasema, nami nikayasoma maneno yote mdomoni mwake. "Hapa tunasumbuana bure."

Nilirudi mjini siku ya pili. Barua yangu ilikuwa ya kuuliza kama yule mbuzi aliyekuwa akichechemea uani kwake amepata nafuu. Yake ikasema amepona, lakini amekula kitenge cha mkwe wake, na nyumba nzima haisemeshani.