Tike ya Kalemie na Muhuri Wake

Wakati ule kila barabara iliyotoka Uvira ilikuwa na mtu mwenye bunduki mahali fulani mbele, na ziwa peke yake ndilo lilikuwa bado halijawekewa kizuizi. Ndiyo maana kampuni moja ya mabato, yaani meli za abiria, iligundua ghafla kwamba ni ya kisasa. Ikaacha kuuza tike dirishani. Sasa abiria alituma jina lake kwa simu, na kampuni ikamrudishia PDF kwa WhatsApp: jina, kiti, siku ya safari, na chini kulia mraba wa nukta nyeusi, ile kode ya QR ambayo hakuna aliyejua inasema nini, na kwa sababu hiyo kila mtu aliiheshimu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, idara ya kompyuta, na vita vilikuwa vimenipatia kazi inayolingana na elimu yangu: meza moja katika sekretaria karibu na soko, kompyuta, printa, na waya uliotoka kwenye jenereta ya jirani muuza vinywaji baridi. Nilichapa barua za watu wanaoomba ruhusa ya kuondoka, kisha barua za watu haohao wanaoomba ruhusa ya kurudi. Mabato yalipoanza, nikachapa tike.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa amekimbilia kwetu kutoka Luvungi. Binti yake aliolewa Kalemie na alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Mama mdogo hakuongea jambo lingine.

"Minye nataka kufika mbele mutoto azaliwe," alisema. "Yule mama-mukwe wake namujua. Ataanza kumupa mutoto dawa za majani hata kabla hajalia."

"Tike iko hapa, mama. Bato inaondoka keshokutwa."

"Bato inayofuata?"

"Hakuna anayejua kama kuna inayofuata."

Hilo lilikuwa kweli. Kila safari ilitangazwa kama ya mwisho, na siku moja tangazo lingekuja kuwa sahihi.

Mwakilishi wa kampuni pale bandarini, mzee mwenye kofia ya nahodha ingawa hakuwahi kuendesha bato, alikuja sekretaria akiwa amekasirika. Simu yake ya kukagua tike iliuliza mtandao kila ilipoona kode, na mtandao wa mji ulikatwa na kurudishwa kwa mapenzi ya watu tusiowajua.

"Enjenia," alisema, neno ambalo kinywani mwake lilimaanisha mtu asiye na kazi, "weka hizi kode zote ndani ya simu yangu, ili rezo ikikufa, minye niendelee."

Ombi lake, kwa ajabu, lilikuwa la busara. Akanipa PDF moja ndefu, kila ukurasa abiria mmoja. Kwanza nilijaribu kutoa picha zilizomo ndani ya faili. Nikapata nembo ya kampuni peke yake, samaki anayecheka, mara nyingi sawa na idadi ya kurasa. Kode haikuwa picha. Ilikuwa imechorwa kwa vimraba moja kwa moja ndani ya ukurasa. Basi nikageuza kila ukurasa mzima kuwa picha, kisha nikaiambia programu itafute mraba ndani yake. Picha zilipokuwa ndogo, nukta ziligandana na programu haikuona kitu. Nilipozikuza, zote zilisomeka. Maneno ya kila kode yakaingia kwenye faili, mstari mmoja kwa kila ukurasa, na namba za tike nikazihifadhi kama maandishi, maana zilianza na sifuri na kompyuta ikidhani ni hesabu huzila sifuri za mbele. Mwisho nikamwekea mzee programu ndogo: inasoma kode, inalinganisha maneno yake na faili, inapiga mlio kama yamo. Bila mtandao.

Kazi ilipoisha nilisoma faili. Kila mstari ulikuwa na namba ya tike, jina, kiti, siku ya safari. Yaleyale yaliyoandikwa waziwazi kando ya mraba.

"Papa, kwa nini usisome tu kwa macho?"

"Macho inakulaka rushwa. Mashini haikulake."

"Na mashini inashikwa na nani?"

Akaniangalia kama mtu aliyelipia chakula akakuta nywele. "Ndiyo maana weye hauna kazi," akasema, akaondoka na simu yake.

Sasa, wakubwa wapya wa mji, wale walioingia na bunduki, nao walikuwa wameweka ofisi bandarini: turubai, meza, kiti cha plastiki, na shefu, yaani mkuu, wa uchunguzi wa safari. Amri ilikuwa kila tike igongwe kashe, yaani muhuri, siku moja kabla ya safari. Shefu huyu alikuwa amefanya kazi za vitambulisho chini ya serikali zaidi ya moja, na kutoka kwa zote alibakiza kanuni moja: muhuri lazima uume picha. Nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi, ili mtu asibandue uso mmoja na kuweka mwingine. Kwenye kitambulisho kanuni hiyo ni nzuri. Kwenye tike hapakuwa na uso wa mtu. Kitu pekee kilichofanana na picha kilikuwa ule mraba.

Nilisimama na mama mdogo kwenye foleni nikaona anavyofanya. Alipumulia kashe, akalenga, akakandamiza kwa mikono miwili.

"Shefu, samahani," nikasema zamu yetu ilipofika. "Hii si foto."

"Iko nini?"

"Iko maandishi."

"Soma basi."

"Haisomeki kwa macho."

Akatabasamu kwa huruma. "Kijana, maandishi ambayo haisomeki, hiyo ndiyo inaomba kashe zaidi." Akagonga. Kwa heshima ya elimu yangu, akagonga mara ya pili.

Hatua chache mbele, mzee wa kofia alijaribu simu yake juu ya tike. Kimya. Akaisogeza karibu, mbali, akaigeuza, akafuta kioo kwa shati. Kimya.

Kode ya QR imetengenezwa ikijua dunia ni chafu. Ukipoteza sehemu yake, iliyobaki inaweza kujaza pengo. Lakini ina macho matatu, vile vimraba vikubwa vya pembeni, ambavyo mashine huvitumia kujua kwamba iko mbele ya kode na inaelekea wapi. Wino wa zambarau wa shefu ulikuwa umezima mawili, na katikati ulikuwa umejaza kila nafasi nyeupe.

"Haisome, haipande," akasema mzee. "Kampuni inahesabu viti kwa milio. Bila mlio, ni minye nitajieleza juu ya kiti."

"Papa, jina lake unaliona hapo. Na yeye mwenyewe unamuona."

"Namuona. Simu haimuone."

Mama mdogo alikuwa akisikiliza, kitenge kimefungwa tayari kama mtu anayeondoka saa hiyo. "Basi muchape ingine," akasema.

Nikamweleza. Mpya ingekuwa safi, na kwa kuwa safi isingekuwa na kashe, na shefu angeigonga. Kumwonyesha mzee PDF kwenye kioo cha simu kungefaa sana, ila simu za abiria zilizimwa na kutiwa kwenye gunia mlangoni hadi bato iondoke, kwa kuogopa wapiga picha. Kwa hiyo aliyemtii shefu alikataliwa na kampuni, na aliyeitii kampuni hakumpita shefu. Nimesoma falsafa kidogo chuoni. Hakuna somo lililonieleza mamlaka vizuri hivyo.

"Maneno mengi," mama mdogo akasema. "Mutoto hatangoja ninyi mumalize."

Tulirudi sekretaria. Karatasi ilikuwa imeharibika, lakini maneno ya kode nilikuwa nayo kwenye faili, yote, pamoja na sifuri zake. Nikatafuta mstari wake, nikaunda kode mpya kutoka maneno yaleyale, kubwa kuliko ya kwanza, na ukingo mweupe wa kutosha pande zote. Nikaichapa nyuma ya tike. Mbele kwa ajili ya shefu, nyuma kwa ajili ya mzee. Nilimwita mzee aje ajaribu.

"Hii si ileile," akasema. "Nukta hazifanane."

"Papa, jaribu."

Simu ikalia. Akarudia mara kadhaa, kila mara ikalia, na kila mara alionekana ametukanwa. Kisha akatoka nje akawaambia abiria wengine, na foleni ikahama kutoka kwa shefu kuja kwangu.

Asubuhi ya safari, mama mdogo alikuwa mbele kabisa. Shefu akachunguza mbele ya tike, akaridhika na kazi yake. Akanyoosha mkono kumrudishia, na upepo wa ziwa ukainua karatasi.

"Geuza," akasema.

Akaona mraba mwingine, mweusi, mkubwa, bila hata tone la wino. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake haukufungwa. Akachukua kashe, akaipumulia.

Nilifungua mdomo kueleza habari za macho matatu. Mama mdogo akanikanyaga mguu.

"Shefu wangu," akasema taratibu, kwa sauti ya kutosha foleni nzima. "Kashe yako imeuma foto mbele. Kila muntu ameona. Ukigonga tena nyuma, hawa watu watauliza: kumbe ile ya mbele haikuwa na nguvu?"

Kashe ilibaki hewani. Shefu akaangalia foleni. Foleni ikamwangalia yeye, kwa adabu kubwa sana.

"Nyuma," akasema hatimaye, "haiko kazi ya ofisi hii."

"Ni vile minye nilijua," mama mdogo akasema, akachukua tike yake.

Mzee wa kofia akageuza karatasi, simu ikalia, na mama mdogo akapanda ubao wa bato akiwa ameshika sandali mkononi, bila kunitazama, akiita mbele watu wampishe. Waliomfuata walipita hivyohivyo: mbele kwa shefu, nyuma kwa simu.

Bato ilipokuwa imefika mbali, shefu aliniita chini ya turubai. Alitaka kujua, kati yetu sisi wawili, ule mraba unasema nini. Nikafungua faili nikamsomea mstari mmoja: namba, jina, kiti, siku.

Akasubiri. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Lakini hiyo yote imeandikwa pale kando!"

"Ndiyo, shefu."

Tulikaa tukitazama maji, wasomi wawili, tumekubaliana.

Mtandao uliporudi, ulinishushia ujumbe wa sauti kutoka Kalemie. Mama mdogo alikuwa amefika binti yake akiwa bado na tumbo, na mama-mkwe alikuwa tayari amekaa kwenye kile kiti kimoja kizuri cha chumba cha wazazi, na majani yake kwenye mfuko. "Kiti nimepata," akasema mama mdogo, na nyuma yake mtoto akilia kwa nguvu. "Yule mama-mukwe tulimupa mukeka."