Shati la Meneja wa Bima

Ruqaiya Sebit ameuza vitenge soko la Nakawa tangu vita vya mwaka themanini na sita viishe, na hajawahi kumdanganya mteja kuhusu kitambaa. Kwa hiyo duka lake lilipoungua, na mkadiriaji wa kampuni ya bima akaandika kwamba nusu ya vitenge bado vinauzika, alishika kalamu kwa adabu zote.

"Bwana Meneja, nashukuru kwa macho makali ya mtu wenu. Mimi niliona masizi, yeye akaona bidhaa, akapunguza fidia yangu. Orodha ya mali na risiti za ununuzi wa jumla nimeambatanisha. Na kwa kuwa vitenge vimepona, nimekushonea shati kwa kimojawapo."

Barua na shati alivipeleka mwenyewe. Meneja alipolikunjua shati, kola ilibaki mkononi na masizi yakamwagikia tai yake.

"Mama, hili halivaliki! Nani atanunua kitu kama hiki?"

"Ahsante, baba," Ruqaiya akasema, akimsogezea ripoti ya mkadiriaji na kalamu. "Andika hivyo hivyo hapo chini, utie sahihi."