Karatasi ya Majibu ya Maswali Kumi

Hesabu niliishia darasa la saba. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana najisifu huko mbele.

Shule yetu ilikuwa juu mlimani, Uluguru, miaka ile ya Ujamaa, asubuhi jembe na baadaye kitabu. Kitabu cha hisabati kilikuwa kimoja kwa watoto sita. Tulikizunguka mezani, na mimi nilikuwa nachelewa, kwa hiyo nilibakiziwa upande wa juu, nikasoma hesabu mwaka mzima zikiwa kichwa chini. Alama ya kujumlisha na ya kutoa hazikunisumbua, maana ukizipindua zinabaki vilevile. Sita na tisa ndizo zilizonitesa. Mwalimu wetu alikuwa na neno moja asilochoka kulisema: ukipata jibu, lirudishe kwenye swali uone kama linakaa. Sina hakika kama alitufundisha aljebra vizuri, ila hilo la kurudisha lilibaki.

Baadaye nilijifunza kupiga chapa, nikapiga chapa ofisini mpaka nikastaafu, nikafungua steshenari hapa Kihonda. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Nina kanuni ya kazi: mteja akileta maandishi, napiga yalivyo. Niliwahi kumrekebishia mtu barua ya kuomba radhi, nikaifanya nzuri, mkewe akajua si yake. Tangu siku hiyo sirekebishi.

Jumamosi moja akaja mwalimu, binti wa Mikese, anajitolea kwenye sekondari moja huko juu mlimani. Chuoni alisomea biolojia na jiografia, lakini mwalimu wa hisabati alikuwa amehama, na vipindi vilivyobaki wazi vilikuwa vya hisabati tu. Mkuu wa shule alimtumia kwa simu skrinishoti ya zoezi la aljebra, maswali kumi. Akamwambia ayafanye mwenyewe, apange majibu kwa hatua, yapigwe chapa kwenye karatasi safi ya kubandika ubaoni, ampelekee jioni ile ile. Yakiwa sawa, kidato cha pili ni chake. Yasipokuwa sawa, mkuu atamwomba mwalimu wa shule ya jirani, na yeye atarudi kwa mama yake.

Haya yote alinieleza akiwa bado amesimama.

"Shikamoo mama," akasema mwishoni, maana alikuwa ameisahau.

"Marahaba mwanangu. Gari lenu la mlimani linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Sasa hivi saa nne na nusu. Kaa, utakunywa hata chai."

Kwenye benchi alikuwepo dalali wa viwanja akisubiri mkataba wake. Yeye husubiri kwa mdomo.

"Mwalimu," akasema, "ukimaliza kuitafuta hiyo x, nitafutie na mnunuzi wangu. Naye hajulikani alipo."

Mwalimu akanitumia ile skrinishoti, nikaifungua kwenye kompyuta. Akanipa na daftari lake, alimoyafanya maswali yote kwa penseli. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua swali kutoka kwenye picha, na hatua kutoka kwenye daftari.

Karatasi ya majibu ina mpangilio wake. Namba ya swali inakolezwa wino. Swali linaandikwa zima, kisha hatua zinashuka moja moja, kila mstari na hatua yake, alama ya sawasawa ikikaa chini ya alama ya sawasawa kama vifungo vya shati. Jibu la mwisho linapigiwa mistari miwili. Swali halikatwi katikati likamalizikia ukurasa wa pili. Ile mbili ya kipeo inapandishwa juu, maana ukiiacha chini inasomeka kama mara mbili. Na alama ya kutoa naiweka ndefu, siyo kile kistari kifupi cha kuunganisha maneno, kwa sababu kifupi kikipita kwenye fotokopi mara mbili kinapotea, na mtoto anafeli kwa kosa la mashine.

Maswali matatu ya kwanza yalikwenda. La nne kwenye picha lilisema 3(x − 4) = x + 6. Nikalipiga. Nikageukia daftari kuchukua hatua ya kwanza, nikakuta 3x + 12 = x + 6.

Nikatulia. Tatu mara hasi nne ni hasi kumi na mbili, hilo hata mlimani tulifundishwa. Lakini yeye ana digrii, mimi nina cheti cha darasa la saba na kumbukumbu ya kitabu kilichopinduliwa. Nikadhani wamebadilisha utaratibu. Nikapiga kama ilivyo, nikaendelea, na la saba, nilipokwisha kulipiga lote, likanisimamisha tena. Picha ilisema x² − 5x + 6 = 0, na daftari lilianza na (x + 2)(x + 3) = 0.

Kanuni yangu ingenitosha hapo. Lakini karatasi yenye swali moja na hatua za swali jingine ingebandikwa ubaoni.

"Mwalimu," nikasema, "samahani, mimi si mtu wa kukuuliza hivi. Swali la nne, ndani ya mabano, ni kutoa au kujumlisha?"

Akaangalia simu yake. "Kujumlisha, mama."

"Kwangu ni kutoa."

Akaja kuangalia kioo cha kompyuta. Akaangalia simu. Akanionyesha simu, na kweli, pale palikuwa na alama ya kujumlisha, tena wazi. Picha ni ile ile moja, kanitumia yeye mwenyewe mbele ya macho yangu.

"Kompyuta yako imezeeka, mama," dalali akasema. "Inakula."

Nikaichapa ile picha kwenye karatasi tuone. Ikatoka kutoa.

"Na printa nayo inakula. Mkataba wangu wa juzi namba moja zote zilitoka nusu."

Hilo lilikuwa kweli, na sikuweza kulikataa. Wiki ile printa ilikuwa inaruka mistari ya kusimama.

Basi nikakumbuka mwalimu wangu, nikasema turudishe jibu kwenye swali. Jibu lake la nne lilikuwa x = −3. Akarudisha kwa sauti: hasi tatu jumlisha nne ni moja, mara tatu ni tatu. Upande wa pili, hasi tatu jumlisha sita ni tatu. Tatu na tatu.

"Limekaa," akasema, na mabega yake yakashuka.

Nikarudisha mimi kwa swali langu: hasi tatu toa nne ni hasi saba, mara tatu ni hasi ishirini na moja. Upande wa pili tatu. Halikukaa.

Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba jibu linaweza kukaa vizuri kabisa kwenye swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Alikuwa amefanya kila hatua sawasawa. Kilichobaki ni kujua swali ni lipi, na mkuu wa shule hakupatikana, kule kwake mtandao huja na kuondoka, na saa hiyo ulikuwa umeondoka.

Dalali akasema tupige kura, yeye anamuunga mkono mwalimu kwa kuwa ndiye mwenye digrii. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Nikaomba ile simu niishike mwenyewe. Macho yangu hayako vizuri, nikataka kuisogeza picha ili swali lije karibu na kidole. Nikaivuta kulia. Hesabu zote zikaenda kulia. Mstari wa kusimama wa ile alama ukabaki pale pale.

Nikairudisha, ikawa kujumlisha. Nikaivuta tena, ikawa kutoa.

Kioo cha simu kilikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele, unatoka juu kidogo kulia na kushuka ukilala kushoto. Mwalimu alikuwa ameipunguza picha ili maswali kumi yote yaonekane pamoja, na kwa kipimo hicho ufa ulipita katikati ya alama ya kutoa ya swali la nne, na ukateremka ukapita katikati ya ile ya swali la saba. Kwingine ulipita kati ya herufi, haukumdhuru mtu. Na skrinishoti haibebi ufa wa kioo, kwa hiyo kwangu picha ilifika nzima.

"Huu ufa nilikuwa nimeshausahau," akasema taratibu. "Wa tangu chuo."

Ilikuwa saa sita kasoro. Hakupoteza muda. Alipitia maswali yote kumi akiivuta picha huku na huku, akakuta yaliyoharibika ni hayo mawili tu, mengine manane yalikuwa sawa tangu nyumbani kwake. Hilo naliandika kwa kuwa ni haki yake. Akayafanya upya mezani kwangu. La nne: 3x − 12 = x + 6, kisha 2x = 18, kisha x = 9. Akarudisha: tisa toa nne ni tano, mara tatu kumi na tano, tisa jumlisha sita, kumi na tano. La saba likawa (x − 2)(x − 3) = 0, majibu mbili au tatu. Mimi nikapiga chapa, nikapanga, nikachapa, nikampa nikiwa nimeridhika.

Dalali akaivuta karatasi kutoka mkononi mwa mwalimu.

"Mimi sijui hesabu," akasema, "lakini mkataba unaojipinga naujua. Hapa juu mmeandika mabano kutoa mbili, kutoa tatu. Huku chini, penye mistari miwili, hasi mbili au hasi tatu. Muuzaji yupi sasa?"

Ni mimi. Nilibadilisha hatua nikaacha jibu la zamani chini. Swali la saba lingeenda ubaoni na kosa langu, kwa jina la mwalimu. Nikarekebisha, nikachapa tena, na mkataba wa dalali nikauanza saa hiyo hiyo bila kumweka zaidi.

Mlangoni mwalimu akasimama. "Mama, nimwambie mkuu?"

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua. Alitakiwa afanye mwenyewe, na pale walikuwa wamechangia mpiga chapa na dalali.

Akaondoka na bodaboda kuwahi gari. Yanayofuata nilisimuliwa na mwalimu mwenyewe. Alimpa mkuu karatasi pamoja na simu, akamwambia yote, mpaka ya dalali. Mkuu akaiweka picha kwenye kipimo kile kile, akasoma swali la nne kwa sauti, akasema kujumlisha. Akaivuta kulia, ikawa kutoa. Kisha akaibandika karatasi ubaoni, akamwambia Jumatatu aingie kidato cha pili.

Bado naona kwamba nilivunja kanuni yangu, na sijaamua kama nilifanya vizuri au nilibahatika. Mwalimu huja kila baada ya wiki mbili na zoezi jipya. Akishaniamkia, kabla hajakaa, anafungua picha na kuivuta kulia, kisha kushoto, ndipo ananitumia. Kioo hajabadilisha.