Kulikoni na Ukimya wa Herufi

Ulikuwa ule mwaka wa mvua kubwa. Hapana, mvua kubwa zilikuja mwaka uliofuata, zikaozesha mbao za watu. Huu ninaousema ni mwaka uliotangulia, ambapo seremala aliyeitwa Kulikoni alipata mjukuu wake wa kwanza na akakaribia kumpoteza rafiki aliyejuana naye kwa miaka kumi na tisa. Mambo hayo mawili yalitokea kwa kufuatana, naye hakujua kama yana undugu.

Jina la Kulikoni alipewa na mtaa kwa sababu ya kuuliza kwake. Watu wakikusanyika, yeye anafika na randa mkononi: "Kulikoni?" Saa ikisimama, ataifungua aone imesimama kwa nini, na pengine haitatembea tena. Mkewe alizoea kusema, "Huyu mume wangu akifika peponi, ataanza kwa kukagua bawaba za mlango."

Rafiki yake alikuwa mchora mabango, naye watu walimwita Herufi. Karakana zao zilitumia varanda moja. Kulikoni alichonga ubao, akaulainisha, akaupaka rangi ya kwanza, kisha Herufi akaandika: duka la dawa, fundi baiskeli, mbwa mkali. Walikuwa na desturi yao. Mtu anayeandika bango huwa karibu nalo mno, haoni kama maneno yamekaa sawa. Basi Herufi alichora kwanza kwa chaki, kisha akapaza sauti, "Kulikoni! Vuka!" Naye huacha msumeno hapo hapo, anavuka barabara, anasimama ng'ambo na kuonyesha kwa mikono: sogeza huku, punguza kule. Wapita njia walidhani anaongoza ndege.

Ghafla Herufi akaacha kuita.

Siku mbili za kwanza Kulikoni hakujali. Wiki ya pili akaona pazia limetundikwa kati ya karakana ya Herufi na varanda. Chai ya saa nne, iliyokuwa ya vikombe viwili juu ya ubao mmoja, Herufi akawa anainywa nyuma ya pazia. Kulikoni akimsalimia, anajibu "Salama" kwa adabu zote na kurudi kwenye brashi yake. Lakini wateja wakija, wanacheka naye vizuri tu. Hilo ndilo lililomchoma.

Wiki ya sita likatoka bango la shule ya chekechea. Mwanzo lilikuwa zuri ajabu, maneno yamejinyoosha. Mwisho herufi zilibanana kama kuku kwenye tenga. Herufi, ambaye bango lake halikuwahi kurudishwa, alirudishiwa lile. Kulikoni alimwona akilikwangua peke yake, na mkono wake mwenyewe ukawasha kwa hamu ya kwenda kumsaidia. Hakwenda. Alikuwa anaogopa kufukuzwa.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mwenye ghala la mbao, upande wa pili wa mji, alimpa Kulikoni nafasi ya kuhamia kwake: chumba kikubwa, mbao ziko mlangoni. Alitaka jibu Jumamosi. Zamani Kulikoni angelikataa bila kufikiri. Sasa alijiuliza: ikiwa mwenzangu hanitaki tena, nang'ang'ania nini?

Kinyozi wa jirani, ambaye ulimi wake ulinyoa kuliko mashine, alikuwa na jibu tayari. "Amekukasirikia, kaka. Hilo nalo linataka miwani?"

"Alikwambia?"

"Aniambie wapi! Hata kwangu haji siku hizi. Kichwa kimekuwa kichaka."

Kulikoni akasimamisha kikombe. "Haji kwako? Tangu lini?"

"Mwezi na zaidi."

"Na wewe ulimkosea nini?"

"Mimi? Nimkosee nini mimi?"

Kulikoni akaondoka akijikuna shingo. Ikiwa Herufi kamkasirikia yeye, nywele zina kosa gani?

Usiku, kabla taa haijazimwa, akamjaribia mkewe maneno. "Nitamwambia hivi: mbona umenikasirikia?"

"Mimi ndiye Herufi," mkewe akasema, akakunja uso. "Sijakasirika. Nikutakie kazi njema."

"Haya. Nimekukosea nini?"

"Hakuna. Kazi njema."

"Wewe mwanamke, hutaki kusaidia!"

"Nakusaidia. Unamletea hukumu, unataka aisaini. Akikataa, mazungumzo yamekwisha. Akikubali, itabidi atafute kosa akupe." Akajifunika shuka. "Kwani hasira umeiona?"

"Nimeona pazia."

"Basi mwambie umeona pazia."

Kulikoni alilala macho wazi akilitazama hilo kama anavyotazama ubao wenye mafundo. Ni kweli, alichokiona ni pazia, chai na kimya. Hasira aliipachika yeye mwenyewe, kama mtu anayepiga gundi kabla ya kupima.

Jumatano alivuka varanda. Akakuta wateja wawili wamesimama. Swali la namna hiyo haliulizwi mbele ya watu. Mtu akijibu mbele ya watu, huwajibu watu. Akaomba tapentaini. Akarudi kwake na chupa ya tapentaini, huku anazo tatu.

Alhamisi alasiri, wakati wa kuosha brashi, hapakuwa na mteja. Kulikoni akasimama nje ya pazia.

"Hodi. Ndugu yangu, una dakika kumi? Kama huna, nitakuja kesho."

"Pita. Tapentaini imekwisha?"

"Haijaisha. Hata sikuihitaji."

Herufi akatabasamu kidogo, akaendelea kukamua brashi ndani ya kopo. Kulikoni hakusimama mbele yake kama askari. Aliketi kando yake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akachukua brashi moja, akaanza kuiosha naye. Macho ya wote wawili yakawa kwenye kopo.

"Nina swali," akasema. "Si kesi. Kwa wiki saba hivi nimeona mambo. Huniiti kuvuka barabara. Chai unakunywa huku ndani. Tukisalimiana, tunaishia salama. Sijui maana yake. Labda inanihusu mimi, labda ni mambo yako mengine kabisa, labda ni uzee wangu unaona visivyokuwepo. Nikaona nisibuni, nije nikuulize. Kumebadilika nini?"

Akanyamaza. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Ulimi ulimwasha, alikuwa na maswali kumi mengine yamepanga foleni, na msamaha mmoja wa kosa asilolijua. Akayameza yote. Rangi nyekundu ilitoka kwenye brashi, ikazunguka ndani ya kopo, ikatulia chini.

"Hakuna kitu," akasema Herufi.

Kulikoni wa zamani angesema: kipo! Kulikoni wa siku hiyo alikung'uta brashi. "Sawa. Sikulazimishi. Ila nimekukosa, ndugu yangu, ndiyo maana nimekuja. Ukitaka kusema, leo au mwezi ujao, mimi nipo. Usipotaka kabisa, ni haki yako pia."

Habari ya chumba cha ghalani ilikuwa mdomoni. Akaiacha humo humo. Kuitaja saa ile kungekuwa kumwekea mtu msumeno shingoni: sema, la sivyo nahama. Akainuka, magoti yakalia.

"Keti," akasema Herufi.

Akaketi.

"Si wewe." Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Ni wewe kidogo. Lakini sijakukasirikia, unanielewa?"

"Bado. Endelea."

"Binti yangu mkubwa, huko kwa mumewe, alikuwa mjamzito, hatukuwa tumetangaza. Miezi yake na ya binti yako ilikuwa inakimbizana. Wa kwako alijifungua salama. Wa kwangu, mwezi wa saba..." Akatingisha kichwa. "Akaniambia, baba, nakuomba, sitaki pole za mtaa mzima. Nikamwahidi."

Kulikoni akaweka brashi chini.

"Nawe kila asubuhi unakuja. Mara mjukuu, huyo mke wako mdogo, kacheka, mara kakukojolea shati. Nakufurahia, haki ya Mungu nakufurahia! Halafu ukiondoka, siwezi kushika brashi. Kinyozi naye picha ya mjukuu wako kaibandika kwenye kioo chake, ulimpa mwenyewe."

"Lo! Nilimpa." Kulikoni akashika kichwa. "Ungeniambia tu nisikuhadithie."

"Nikwambie wewe? Ungeuliza nini?"

Kulikoni akafikiri. "Ningeuliza kwa nini."

"Ungeuliza kwa nini mpaka jua lizame! Na mimi kukudanganya siwezi, na ahadi ya mtoto siwezi kuivunja. Nikaona afadhali pazia." Wakacheka wote wawili, kicheko kibovu chenye machozi pembeni.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema Kulikoni, mara moja tu. Hakujitetea kwamba hakujua, wala hakuuliza ilikuwaje hospitali, ingawa kila mfupa wake ulitaka kujua. Aliuliza moja tu: "Unataka nifanyeje?"

Herufi akalikunja tambara lake. "Usimfiche mtoto. Ukimficha nitajua, na itaniuma zaidi. Ila asubuhi usianze naye. Nikiwa na nguvu, nitamuulizia mwenyewe. Na hili hujalisikia. Binti yangu nitamwambia kwamba nimekwambia wewe peke yako."

"Sijalisikia."

Nyumbani mkewe alimngoja mlangoni. "Haya, alikuwa na hasira?"

"Hakuwa nayo."

"Alikuwa na nini?"

"Alikuwa na lake."

Mkewe akamtazama, akaona mlango huo umefungwa kwa heri, akamwekea chakula. Jumamosi mwenye ghala akapewa jibu: ahsante sana, nafasi ni nzuri, lakini mimi sihami.

Msidhani mambo yalirudi siku ile ile. Pazia lilikaa wiki mbili zaidi. Asubuhi Kulikoni alikuja na habari za misumari, za paka, za mteja aliyetaka kitanda cha miguu mitano. Siku nyingine hakuwa na habari yoyote, akanywa chai yake kimya na hakuna aliyekufa. Kuna siku Herufi alisema tu, "Leo sina maneno," nayo ikatosha, maana sasa kimya kilikuwa na maelezo yake. Mwezi wa tatu tangu siku ile, bila kuinua macho kwenye kazi, akauliza, "Yule mtoto, anatambaa?"

"Anatambaa," akasema Kulikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaishia kwenye neno moja.

Lakini mtu haachi asili. Siku moja walikuwa wamebeba bango refu la duka la vitambaa, Herufi mbele, Kulikoni nyuma, wanashuka nalo taratibu barabarani. Kulikoni alikitazama kisogo cha rafiki yake, ambacho kilikuwa kimenyolewa vizuri, na swali likamtoka lenyewe. Herufi akasema, "Angalia shimo hapo kushoto," akaendelea kutembea. Alimuuliza tena mwaka uliofuata, mvua zikinyesha, na Herufi akawasha redio. Alimuuliza hata mkewe, bila kutoa siri, kama yeye anaweza kujua jibu, mkewe akamwambia alale. Swali lilikuwa lile lile moja:

"Ndugu yangu, na kama nisingekuuliza, ungekuja kuniambia?"