Mstari Mwekundu wa Kibao cha Bwawa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nje ya darasa natafsiri mabango ya hoteli na maelekezo ya wapanda mlima. Sina subira na kazi mbovu, na mdomo ninao. Kwa hiyo yule mama mwenye hoteli ya Shirimatunda, hapa Moshi, aliponiletea sheria za bwawa la kuogelea, karatasi ya Kiingereza aliyoachiwa na fundi, alijua anamwendea nani.

Nilizitafsiri nikimfikiria mzazi aliyeketi na soda yake. Badala ya kumkataza mtoto kukimbia niliandika, "Tembea, sakafu inateleza." Badala ya kutaja kifo niliandika, "Hapa hakuna mwokoaji. Mlinzi wa mtoto wako ni wewe." Na juu kabisa, kwa kuwa watu wengi husoma mstari wa kwanza tu, niliweka kwa herufi kubwa kuliko zote: "Kaa karibu na mtoto wako majini, mkono wako umfikie."

Mama alisoma, akakunja uso.

"Mwalimu, maneno yako matamu mno. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Watu wetu bila fimbo hawasikii."

"Mtu akiogopa hasomi, mama. Anatafuta pa kukimbilia."

"Kwani wewe ulisomaje? Si kwa viboko?"

Hapo alinipata, nikacheka. Akaichukua karatasi, tukaagana vizuri, nami nikadhani yamekwisha.

Krismasi ilipopita, Moshi ikiwa bado imejaa watu waliorudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, alinialika nikakione kibao chake. Kilikuwa kikubwa kama mlango. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa umeshushwa katikati na kubanwa hadi hausomeki. Juu palichorwa fuvu la kichwa. Chini, kwa rangi nyekundu, paliandikwa: "MTOTO ATAKAYEVUNJA SHERIA ATACHAPWA." Na kandokando ya bwawa alitembea mlinzi mwenye fimbo ya mti wa kahawa iliyomenywa gome, akipiga nayo maji ili watoto wamwone.

Nilimfuata yule mama kaunta damu ikinichemka. Nilimwambia nimeona vibao vya mbwa mkali vyenye adabu kuliko chake. Naye alinijibu kwamba nilishalipwa, bwawa ni lake, na tangu fimbo ije hakuna mtoto aliyekimbia.

Wakati huohuo walikimbia. Watoto watatu wanne walikuwa wakifukuzana kwenye vigae, na mlinzi akawavamia. Aliwacharaza miguuni na mgongoni, ngozi mbichi yenye maji, kila kiboko kinalia hadi kaunta. Mmoja alianguka akapigwa akiwa chini. Wazazi waligeuka kidogo kwenye meza za nyama choma. Mmoja alisema, "Wamezidi," akarudi kwenye ndizi zake.

Mimi nilikuwa njiani kwenda kuishika ile fimbo nilipomwona msichana wa miaka kumi hivi, amejikunyata nyuma ya viti vya plastiki. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilidhani amechapwa. Lakini hakumwangalia mlinzi. Aliangalia maji ya upande wa kina kirefu, nami nikayafuata macho yake.

Mdogo wake alikuwa humo. Hakupiga kelele, hakurusha mikono kama watu wanavyodhani. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo uko sawa na maji, unapotea, unarudi, kisha haukurudi.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mlinzi aliganda na fimbo yake, kumbe hajui kuogelea. Mhudumu wa baa, kijana wa Mwanza aliyekulia ziwani, alitupa trei akaruka na viatu. Walipomtoa mtoto alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi, hapumui. Yule kijana alimlaza chali, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni, akakandamiza kifua, akapuliza tena. Mama mwenye hoteli alikuwa ameshika kichwa, anasali kwa Kichagga. Halafu mtoto akatapika maji na ugali, akalia, na sijawahi kukipenda kilio cha mtoto kama siku ile.

Ndipo fujo ilipoanza. Baba yake alimrukia mlinzi, akampiga ngumi ya pua, wakaanguka pamoja juu ya meza, chupa zikapasuka. Mlinzi, damu imemjaa mdomoni, alikuwa anasema, "Mimi nafuata kibao, mzee. Soma kibao." Aliposema hivyo niliokota fimbo yake nikamchapa nayo mabegani mpaka ikavunjika. Mwalimu mzima, mwenye mvi. Na nasema kweli, nilisikia raha.

Mtoto alikuwa tayari anabebwa kwenda kwenye gari, apelekwe hospitali, maana anayenusurika majini hata akilia lazima aangaliwe na daktari. Baba akageuka kumtafuta binti.

"Nilikwambia umwangalie mwenzako. Kwa nini hukuniita?"

"Niliogopa kuchapwa," alisema. "Tulikuwa tumekimbia."

Akamzaba kofi lililomkalisha chini.

Mtoto alilazwa usiku mmoja, akaruhusiwa akiwa mzima. Wiki iliyofuata tulipanda Old Moshi, mama mwenye hoteli na mimi, hadi kihamba, shamba la ukoo la bibi ya wale watoto, ambako familia nzima ilikuwa bado ipo. Yeye alibeba jani la isale, kwa kuwa kwetu anayekuja kuomba msamaha na isale harudishwi. Alilitoa kwa mikono miwili, magoti chini, na bibi akalipokea. Mlinzi nilikuwa nimeshampelekea la kwangu nyumbani kwake Njoro. Alilipokea akiwa na jicho moja limefumba, na hakunikaribisha kuketi.

Fuvu lilikuwa limeshafutwa na fimbo imepigwa marufuku. Mama alikuwa ameniambia, bila kuniangalia, "Andika unavyojua, mwalimu." Mstari wa "mkono wako umfikie" niliurudisha juu. Pale palipokuwa na maandishi mekundu niliweka maneno mapya, na kwa kuwa sikuwa nikijiamini tena, nilitaka yasomwe na mtoto kabla hayajapakwa rangi. Nikamwita yule binti barazani. Baba yake alikuwa hatua chache kutoka pale, anakata ndizi za kupikia pombe ya mbege kwa panga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hapa. Neno likikushinda uniambie."

Alisoma kwa sauti ya darasani, kidole kinafuata mistari. "Ukiona mwenzako amezidiwa majini, ita mtu mzima kwa sauti kubwa. Mtupie boya, usimrukie. Hata kama mlikuwa mmekosea, ita. Hakuna atakayekuadhibu."

Hakukwama popote. Nikamuuliza kama ameelewa, akatikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza kama kuna neno linalotisha, akasema hakuna. Nilifurahi, nikaanza kuikunja karatasi.

Akanishika mkono kunizuia. Aliurudia mstari wa mwisho kimyakimya, midomo inatembea, kisha akatupa jicho kule ndizi zilikokuwa zinakatwa.

"Hata nyumbani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Panga lilikuwa linaendelea. Nilimtazama baba yake, nikaitazama karatasi, nikaikunjua tena.