Maziwa Mepesi

Semeni, muuguzi wa zahanati moja njia ya Kinole, alikuwa na mtu mmoja ambaye hakutaka kabisa kumwona kwenye foleni yake, na asubuhi hiyo mtu huyo akaingia. Bibi Modesta alikuja kliniki ya wazazi na mkwewe mpya, Shukuru, aliyepakata kichanga cha wiki mbili.

Zamani mkwe wa Modesta alikuwa Semeni. Alipojifungua, bibi alimkamua maziwa ya mwanzo, yale ya njano, akayamwaga, kisha akamnywesha mtoto uji. Mtoto alipokufa kwa kuharisha, bibi alitangaza kijiji kizima kwamba maziwa ya Semeni yalikuwa mepesi. Ndoa nayo ikaenda na maneno hayo.

"Shikamoo, mama," alisema Semeni, maana adabu ni adabu, hata ikikukwama kooni.

"Marahaba," akajibu Modesta, macho chini. Alishamtambua.

Ah, utamu ulioje! Akina mama walijaa hadi barazani, masikio wazi. Neno moja la sauti kubwa lingetosha kumuumbua bibi huyu, na Semeni alilifanyia mazoezi miaka nenda rudi. Lakini mizani ilionyesha mtoto hajarudia hata uzito wa kuzaliwa, na Shukuru macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Bibi akiaibishwa hadharani, hamleti tena mkwewe hapa. Semeni alifunga mlango kwa hasira, akavuta kiti karibu na binti.

"Hongera, mwanangu. Wewe mwenyewe unaendeleaje? Na kunyonyesha, kuna kinachokusumbua?"

"Hana shida," akadakia Modesta.

"Namuuliza yeye, mama."

Shukuru alisita. "Chuchu zimechanika, nesi. Halafu naambiwa maziwa yangu mepesi, hayamshibishi. Tunampa uji."

"Pole. Wengi huingiwa na hofu hiyo. Hebu tumweke titini pamoja."

Alimgeuza mtoto, tumbo lake likaelekea la mama, akangoja mdomo ufunguke wote ndipo akamsogeza, naye akashika chuchu pamoja na sehemu nyeusi inayoizunguka. Shukuru hakukunja uso. Punde wakasikia mtoto akimeza.

"Unamsikia? Maziwa yako ni mazuri, yanamtosha. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana, yazidi kutoka. Uji na maji acha mpaka atimize miezi sita. Tumbo lake haliyawezi. Keshokutwa mlete tumpime tena."

Alizungumza na binti, ila macho yake hayakubanduka kwa bibi. Kila neno la upole alilichagua limchome, na aliona linachoma, akafurahi.

Modesta alivuta khanga usoni. "Semeni... na maziwa yako, kumbe?"

"Yalikuwa hivihivi, mama. Wewe uliyamwaga."

Bibi alipapasa ukuta akitafuta benchi. Semeni hakumpa pole.